Pampu Mbili, Hali Nne: Zao la Tensa na Thamani Zake Aigeni

Tuseme kijiji kinategemea visima viwili virefu, na kila kisima kina pampu yake. Mwangalizi wa mradi ana daftari, na kila asubuhi huandika hali ya kila pampu: inafanya kazi, au ni mbovu. Kumbukumbu zikishakuwa nyingi, anaweza kusema hivi juu ya pampu ya kwanza: ikiwa leo inafanya kazi, uwezekano wa kuikuta ikifanya kazi kesho ni 0.9, na wa kuikuta mbovu ni 0.1. Ikiwa leo ni mbovu, uwezekano kwamba kesho itakuwa imetengenezwa ni 0.5, na kwamba bado itakuwa mbovu ni 0.5. Pampu ya pili ina tabia tofauti. Ikiwa nzima leo, kesho itakuwa nzima kwa uwezekano wa 0.8 na mbovu kwa 0.2. Ikiwa mbovu leo, kesho itakuwa nzima kwa 0.6 na mbovu kwa 0.4. Namba hizi ni za mfano, nimezichagua ili msomaji aweze kuzifuata kwa kalamu na karatasi.

Kila pampu sasa ina matriki yake, yaani jedwali la namba lenye safu mlalo mbili na safu wima mbili. Safu mlalo ya kwanza inaanza na pampu iliyo nzima leo, ya pili inaanza na pampu mbovu.

```
P = | 0.9  0.1 |      Q = | 0.8  0.2 |
    | 0.5  0.5 |          | 0.6  0.4 |
```

Lakini wanakijiji hawaulizi habari za pampu moja moja. Wakiamka siku moja wakakuta zote mbili zimekufa, wanachotaka kujua ni kama keshokutwa watakuwa bado hawana maji kabisa. Swali hilo linahusu pampu mbili kwa pamoja, na kwa pamoja zina hali nne: zote nzima, ya kwanza tu nzima, ya pili tu nzima, zote mbovu. Tunahitaji jedwali moja la hali nne, na zao la tensa ndiyo njia ya kulipata kutoka kwenye yale mawili madogo.

Namna ya kulijenga ni hii. Chukua kila namba iliyomo ndani ya P, na mahali pake weka matriki nzima ya Q iliyozidishwa kwa namba hiyo. Palipokuwa na 0.9 patakaa 0.9 mara Q, palipokuwa na 0.1 patakaa 0.1 mara Q, na kuendelea hivyo mpaka mwisho. Alama ya tendo hili ni ⊗, na matokeo yake kwa pampu zetu ni haya:

```
P⊗Q = | 0.72  0.18  0.08  0.02 |
      | 0.54  0.36  0.06  0.04 |
      | 0.40  0.10  0.40  0.10 |
      | 0.30  0.20  0.30  0.20 |
```

Itazame safu ya kwanza. Pampu zote mbili zikiwa nzima leo, uwezekano wa zote kuwa nzima kesho ni 0.72, ambao ni 0.9 mara 0.8. Uwezekano wa zote kuharibika kwa usiku mmoja ni 0.02, yaani 0.1 mara 0.2. Kila namba kati ya zile 16 ni zao la namba moja ya P na namba moja ya Q, na kila jozi imetumika mara moja tu. Jumla ya kila safu mlalo ni 1, kama inavyotakiwa, kwa sababu kesho lazima hali mojawapo kati ya nne itokee.

Kuhusu ukubwa, kanuni ni nyepesi: safu mlalo huzidishwa kwa safu mlalo, na safu wima kwa safu wima. Matriki ya 2 kwa 3 ikikutana na ya 4 kwa 5 inatoa ya 8 kwa 15. Hakuna sharti kwamba vipimo vya ndani vilingane, kama linavyokuwepo katika uzidishaji wa kawaida wa matriki. Kila matriki inaweza kuingia katika zao la tensa na nyingine yoyote. Mpangilio hata hivyo una maana: Q⊗P ina namba zilezile 16 lakini zimekaa mahali tofauti, kwa kuwa sasa pampu ya pili ndiyo inayogawa jedwali katika vipande vikubwa.

Ukuaji wa ukubwa huu ndio unaofanya suala la thamani aigeni liwe la lazima. Pampu 10 zina hali 1,024, na matriki yake ya pamoja ina namba 1,048,576. Hiyo kompyuta ya kawaida inaibeba bila shida. Pampu 20 zina hali zaidi ya milioni moja, na matriki yake ina namba zaidi ya trilioni moja. Kwa kawaida kompyuta hutumia baiti 8 kuhifadhi namba moja ya desimali, kwa hiyo jedwali hilo peke yake lingedai takriban terabaiti 8 za kumbukumbu. Lakini habari zote zilizomo ndani yake zilitoka kwenye vijedwali 20 vya mbili kwa mbili, vyenye namba 80 tu kwa jumla. Je, tunaweza kuijua tabia ya jitu hilo bila kuliandika?

Ili kujibu, tuone kwanza thamani aigeni ni nini. Vekta, kwa mahitaji yetu, ni orodha ya namba zilizopangwa wima. Ukiizidisha kwa matriki unapata vekta nyingine, na mara nyingi hiyo mpya haifanani na ya mwanzo. Ila kila matriki ya mraba ina vekta zake chache za pekee ambazo hutoka zikiwa zilezile, zimerefushwa tu au kufupishwa kwa kipimo fulani. Vekta hizo ni vekta aigeni, na kile kipimo ni thamani aigeni.

Pampu ya kwanza inazo mbili. Chukua vekta (1, 1) na uizidishe kwa P: safu ya kwanza inatoa 0.9 + 0.1 = 1, ya pili inatoa 0.5 + 0.5 = 1. Imetoka kama ilivyoingia, kwa hiyo thamani aigeni ni 1. Sasa chukua (1, −5). Safu ya kwanza inatoa 0.9 − 0.5 = 0.4, ya pili inatoa 0.5 − 2.5 = −2. Matokeo (0.4, −2) ni ile ile (1, −5) mara 0.4. Thamani aigeni ya pili ni 0.4. Kwa pampu ya pili, vekta (1, 1) inatoa 1 tena, na vekta (1, −3) inatoa 0.2.

Namba hizi si mapambo ya darasani. Ile 1 inasema kuna hali ya kudumu ambayo pampu itaielekea baada ya muda. Ile 0.4 inasema kwa kasi gani pampu ya kwanza inasahau ilikoanzia: kila siku inayopita, kilichobaki cha habari za siku ya kwanza ni asilimia 40 ya kilichokuwepo jana. Baada ya siku tano kimebaki kama asilimia moja. Pampu ya pili inasahau haraka zaidi, kwa 0.2.

Sasa tuunganishe. Zao la tensa linafanya kazi kwa vekta pia. Vekta (1, −5) ikichukuliwa na (1, −3), kila namba ya kwanza inabeba vekta nzima ya pili: tunapata (1, −3, −5, 15). Zidisha vekta hii kwa jedwali letu la hali nne. Safu ya kwanza inatoa 0.72 − 0.54 − 0.40 + 0.30, ambayo ni 0.08. Ya pili inatoa −0.24, ya tatu −0.40, ya nne 1.20. Orodha hiyo ni (1, −3, −5, 15) mara 0.08. Na 0.08 ni 0.4 mara 0.2.

Haikutokea kwa bahati. Zao la tensa lina sifa moja inayobeba nadharia yote: ukiizidisha P⊗Q kwa vekta iliyojengwa kama x⊗y, P inamshughulikia x peke yake na Q inamshughulikia y peke yake, kisha matokeo yanaunganishwa.

```
(P⊗Q)(x⊗y) = (Px)⊗(Qy)
```

Ikiwa Px ni λ mara x, na Qy ni μ mara y, upande wa kulia unakuwa λμ mara x⊗y. Hapo uthibitisho umekwisha. Chagua thamani aigeni yoyote ya matriki ya kwanza, chagua yoyote ya pili, zizidishe, na umepata thamani aigeni ya matriki kubwa. Kwa pampu zetu jozi ni nne: 1 mara 1, 0.4 mara 1, 1 mara 0.2, na 0.4 mara 0.2. Matriki ya hali nne ina thamani aigeni 1, 0.4, 0.2 na 0.08, wala hakuna ya tano iliyojificha, kwa sababu matriki ya nne kwa nne ina nafasi nne tu. Q⊗P, ingawa namba zake zimepangwa vingine, ina thamani hizohizo.

Ziko matriki za mraba ambazo vekta zake aigeni hazitoshi, na msomaji makini atauliza kama kanuni inavunjika hapo. Haivunjiki. Issai Schur alionyesha mwaka 1909 kwamba matriki yoyote ya mraba inaweza kugeuzwa, kwa kubadili mihimili ya kupimia, iwe ya pembetatu, yaani yenye sifuri tupu chini ya ulalo mkuu. Katika umbo hilo thamani aigeni zimekaa wazi kwenye ulalo. Zao la tensa la pembetatu mbili ni pembetatu pia, na ulalo wake ni mazao ya namba za malalo mawili. Wakati mwingine thamani hizo ni namba changamano, lakini kuzidishana kwake ni kulekule.

Turudi kwa wanakijiji, maana jibu lao sasa linaandikika. Pampu ya kwanza ikianza mbovu, uwezekano wa kuikuta mbovu baada ya siku n ni 1/6 + (5/6) × 0.4ⁿ. Ya pili ikianza mbovu, ni 1/4 + (3/4) × 0.2ⁿ. Zidisha hizo mbili, kipengele kwa kipengele, na uwezekano wa kutokuwa na maji kabisa siku ya n unakuwa:

```
(1 + 3 × 0.2ⁿ + 5 × 0.4ⁿ + 15 × 0.08ⁿ) ÷ 24
```

Napenda sana mstari huu, kwa sababu thamani aigeni zote nne zimejipanga ndani yake na kila moja ina kazi inayoonekana. Weka n = 1 upate 0.20, ambayo ndiyo namba iliyoko pembeni kabisa chini kulia katika jedwali letu. Weka n = 3 upate kama 0.056. Kadiri siku zinavyosonga, kipengele cha 0.08 kinatoweka kwanza, kisha cha 0.2, kisha cha 0.4, na kinachobaki ni 1/24. Kwa muda mrefu, basi, kijiji kitakosa maji kabisa siku moja kati ya 24. Na muda wa kufikia hali hiyo unaamuliwa na 0.4, thamani kubwa kuliko zote baada ya 1. Pampu inayosahau polepole ndiyo inayochelewesha mfumo mzima, hata ile nyingine iwe nyepesi kiasi gani.

Anayetaka kuhakiki kwa kompyuta anaweza kuandika mistari minne hii ya Python:

```
import numpy as np
P = np.array([[0.9, 0.1], [0.5, 0.5]])
Q = np.array([[0.8, 0.2], [0.6, 0.4]])
print(np.linalg.eigvals(np.kron(P, Q)))
```

Mpangilio wa majibu unaweza usiwe huu wa kwetu, na desimali za mwisho zinaweza kuyumba kidogo. Neno kron linatokana na Leopold Kronecker, mwanahisabati wa Berlin aliyeishi kati ya 1823 na 1891, na ndiyo maana vitabu vingi huliita tendo hili zao la Kronecker. Kwa haki, aliyechapisha mapema ni Johann Georg Zehfuss, mwaka 1858, na alichokionyesha ni kanuni ya ditaminanti, ambayo mpaka leo wanafunzi wengi huikosea.

Ditaminanti ya matriki ni zao la thamani zake aigeni zote. Ya P ni 0.4, ya Q ni 0.2. Wengi huandika haraka kwamba ya P⊗Q ni 0.08. Zidisha thamani nne: 1 × 0.4 × 0.2 × 0.08 ni 0.0064. Sababu ni kwamba kila thamani ya P imekutana na kila thamani ya Q, kwa hiyo kila moja imehesabiwa mara mbili. Kanuni ya Zehfuss inataka ditaminanti ya kwanza ipandishwe kwenye kipeo kilicho sawa na ukubwa wa matriki ya pili, na ya pili kwenye kipeo cha ukubwa wa ile ya kwanza: 0.4² × 0.2² = 0.0064. Jumla ya ulalo mkuu haina usumbufu huo. Ya P ni 1.4, ya Q ni 1.2, na ya jedwali la pamoja ni 0.72 + 0.36 + 0.40 + 0.20 = 1.68, ambayo ni 1.4 mara 1.2 na pia ni jumla ya thamani zetu nne. Mtu akihesabu kwa mkono, hizi ndizo hakiki mbili za kufanya kwanza.

Kuna mtego mwingine ulio fiche zaidi. Matriki ya 2 kwa 3 na ya 3 kwa 2 zinatoa zao la 6 kwa 6, ambalo ni la mraba na lina thamani aigeni sita. Lakini wazazi wake si wa mraba, hawana thamani aigeni hata moja, na kanuni yetu haina la kusema. Tunachojua kwa hakika ni kidogo: matriki ya 2 kwa 3 lazima iiue vekta mojawapo, yaani iigeuze kuwa sifuri tupu, na vekta hiyo ikiunganishwa na vekta yoyote ya namba mbili inauawa pia na zao. Kwa hiyo sifuri itaonekana angalau mara mbili kati ya thamani sita. Zilizobaki lazima zitafutwe katika matriki kubwa yenyewe.

Na vekta je? Tuseme kijiji kingekuwa na pampu mbili zinazofanana kabisa, zote za aina ya P. Thamani zingekuwa 1, 0.4, 0.4 na 0.16. Ile 0.4 imepatikana kwa njia mbili, na vekta zake ni (1, 1, −5, −5) na (1, −5, 1, −5). Ukizijumlisha unapata (2, −4, −4, −10), ambayo nayo ni vekta aigeni halali ya 0.4. Ila haiwezi kuandikwa kama x⊗y. Katika vekta iliyojengwa kwa zao, namba ya kwanza mara ya nne ni sawa na ya pili mara ya tatu. Hapa upande mmoja ni −20 na mwingine ni 16. Basi kompyuta ikikupa vekta isiyogawanyika, usidhani umekosea. Thamani zimejirudia tu, na kompyuta imechagua mchanganyiko.

Hatari kubwa kuliko zote haiko katika hesabu, iko kisimani. Jedwali la P⊗Q ni kweli pale tu ambapo pampu hazijuani. Ikiwa zote zinatumia laini moja ya umeme, laini ikikatika zinakufa pamoja, na kuzidisha 0.1 kwa 0.2 kunapunguza hatari iliyopo. Tuseme mwangalizi anahesabu kutoka daftarini, na kwa siku zilizoanza pampu zote nzima anakuta namba hizi kwa siku iliyofuata: 0.78, 0.12, 0.02, 0.08. Ya kwanza bado inaharibika kwa uwezekano wa 0.1, ukijumlisha mbili za mwisho. Ya pili bado inaharibika kwa 0.2, ukijumlisha 0.12 na 0.08. Anayeziangalia pampu moja moja hataona tofauti yoyote. Lakini kuharibika kwa pamoja kumekuwa 0.08 badala ya 0.02, mara nne zaidi.

Namna ya kugundua ni kurudi kwenye ujenzi wenyewe. Katika zao la tensa, kila kipande kikubwa ni Q ileile iliyozidishwa kwa namba moja, kwa hiyo uwiano wa namba ndani ya kipande kimoja lazima ulingane na uwiano ndani ya kipande cha jirani. Katika jedwali letu, 0.72 kwa 0.18 ni nne kwa moja, na 0.08 kwa 0.02 ni nne kwa moja. Katika daftari la laini moja, 0.78 kwa 0.12 ni sita na nusu kwa moja, na 0.02 kwa 0.08 ni moja kwa nne. Vipande havilingani, jedwali hilo si zao la P na Q, na hakuna anayeruhusiwa kuchukua 0.4 na 0.2 akazizidisha akasema amepata thamani aigeni ya mfumo.

Kwa hiyo anayesimamia visima viwili, au mashine mbili za aina yoyote, aanze na uwiano wa vipande. Ukilingana, au ukitofautiana kwa kiasi kidogo kinachoelezeka kwa uchache wa siku zilizoandikwa, azidishe kwa amani. Usipolingana, aijenge matriki ya hali nne moja kwa moja kutoka daftarini, atafute thamani zake humo, kisha aende kuuliza laini ya umeme inapita wapi.